Macho Mazima

Ukitaka kumtesa mtu bila kumgusa, mwambie hana kitu. Mwambie kwa upole, mshike bega, kisha apa kwamba umemtazama vizuri. Ndivyo alivyofanyiwa yule mwanamke wa chumba cha ukaguzi ambaye kiwanda kizima kilimwita Jicho, na wengi waliomfanyia hivyo walikwenda zao kulala bila wasiwasi, maana kusema unachokiona si dhambi. Waliona macho mazima, wakasema ni mazima.

Jina la Jicho alilipata kwa sifa. Kiwanda kilikuwa cha vitambaa vya mashuka, na kabla kitambaa hakijafungwa kwenda kwa wanunuzi kilipitishwa juu ya meza ya kioo, yenye taa ndefu chini yake na nyingine juu. Mwanga ulikipenya kutoka chini na kila ubaya ukajitokeza: uzi uliokatika, fundo, tone la mafuta ya mashine, kitundu kisichozidi ncha ya sindano. Wakaguzi walikaa wawili wawili, kila mmoja ukingoni mwake, na aliyeona ila alibandika kijikaratasi chekundu. Jicho aliona ila ambazo wengine walionyeshwa kwa kidole na bado wakasema hawazioni. Wageni wa kiwanda walipelekwa kumtazama akifanya kazi, naye akijua anatazamwa, akabandika vikaratasi vyake kwa madaha kidogo. Hapakuwa na jambo jingine duniani aliloliweza kuliko watu wote aliowafahamu, na hakutaka jingine.

Wawili wa meza moja walihesabiwa kuwa kitu kimoja. Ila ikipita, kitambaa kikarudishwa na mnunuzi, hakuna aliyeuliza ilipitia upande wa nani. Onyo liliwaangukia wote. Mwenzake Jicho alikuwa mwanamke waliyemwita Kicheko, kwa sababu hakuweza kujizuia kucheka hata msibani. Alikuwa na mdomo mwepesi na mkono mwepesi, na miaka yote hiyo alikula sifa za meza yao bila kuzitolea jasho sana. Jicho alilijua hilo na hakuona neno, maana kukaa na mtu mchangamfu kutwa nzima nako ni malipo.

Kichwa ndicho kilichotangulia. Tangu usichana wake, mara moja moja, upande mmoja wa kichwa ulianza kumgonga nyuma ya jicho, tumbo likachafuka, akatapika, na mlango ukifungwa chumba cha pili sauti ile ikamwingia kichwani yote. Alilala gizani siku nzima, kesho yake akaamka mzima. Mama yao marehemu alikuwa na kichwa hicho hicho, kwa hiyo nyumbani kwao hakuna aliyekishangaa. Lililokuwa jipya ni mwanga. Sasa kichwa kilipoondoka, mwanga ulibaki ukimchoma. Akikaa mezani, macho yaliungua kama yametiwa mchanga, na mara nyingine yakatiririsha machozi tele bila huzuni yoyote. Akiyafumba alipata nafuu. Akiyafumbua, zile taa ndefu zilimwingia hadi kisogoni.

Alimweleza msimamizi wao, mwanamume wa makamo aliyekuwa na haki kwa kila mtu na huruma kwa nadra. Msimamizi akamsogeza dirishani, akamtazama jicho moja baada ya jingine, akamuuliza kama haoni vizuri. Jicho akasema anaona. Akamuuliza kama yamevimba au kama yana wekundu. Akasema hapana. Msimamizi akashusha pumzi, akamwambia arudi mezani, ni uchovu tu. Mumewe naye, fundi wa kupaka rangi nyumba, alimshika kidevu jioni moja chini ya taa ya jikoni, akasema macho yake yanang'aa kama ya mtoto mchanga. Alidhani anamsifu. Jicho aliusukuma ule mkono, na tangu siku hiyo mume akaingiwa na wazo kwamba mkewe anatafuta visa.

Kicheko ndiye aliyelifanya jambo lenyewe kuwa hadithi. Jicho alipojikinga kwa kiganja, Kicheko alijikinga pia, akilegeza shingo, akasema kwa sauti ya kudeka kwamba jua linamchubua mwana wa mfalme. Meza za jirani zilicheka. Alipozoea kuchekewa akaongeza maneno. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maiti huyu alikuwa hai na alisikia yote.

Aliyemwamini alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, ambaye ndiye muuguzi wa kiwanda. Alikuwa na chumba chake cha huduma ya kwanza kando ya lango, chenye kitanda, kabati la dawa na pazia la kijani. Huyu ndiye aliyemlea mdogo wake mama yao alipofariki, na ndiye aliyemwombea kazi pale kiwandani. Alipoelezwa habari za mwanga hakuuliza maswali ya kumpima. Alizima taa ya chumba chake, akamlaza, akamkalia karibu mpaka kengele ya kurudi kazini ilipolia. "Mdogo wangu, nakujua," alimwambia. "Wewe si wa kulialia." Jicho alilia kwa maneno hayo kuliko alivyowahi kulia kwa maumivu.

Upendo huo ulikuja na dawa. Pale kiwandani palikuwa na vumbi la pamba, na miaka yote muuguzi alikuwa na jibu moja kwa kila jicho linalowasha au kuungua: ni mzio wa vumbi. Jibu la mzio lilikuwa vile vidonge vidogo vya manjano vinavyoleta usingizi. Kwa utaratibu alitakiwa kumpa mtu vya siku tatu tu, na asipopona ampeleke hospitali. Kwa mtu baki aliufuata utaratibu. Kwa mdogo wake hakuona sababu ya kumpangia foleni hospitali akapoteze siku, na yeye mwenyewe yupo. Alimfungia vya mzio vya kunywa asubuhi na jioni, na vya maumivu vya kunywa kila kichwa kinapogonga. Vilipokwisha alimfungia vingine. Kichwa kikaanza kugonga kila siku, na kila siku Jicho akanywa.

Halafu ikaja miwani. Dada alimnunulia miwani yenye vioo vya kahawia iliyokoza, akamwambia aivae ndani na nje, asiivue ila kwa kulala. Siku ya mapumziko alikuja nyumbani kwake na mablanketi mazito, akayatundika madirishani kwa misumari, mume wa Jicho akisimama mlangoni kifua wazi kumtazama. Mume akauliza kama wanaishi nyumbani au handakini. Akasema kwa hasira, mbele ya shemeji yake, kwamba mtu akijizoeza giza mwanga utamshinda, kwa hiyo mkewe avue hiyo miwani na mablanketi yashuke. Dada alimjibu kwamba mwenye kuumwa ndiye ajuaye. Jicho aliwaza moyoni kwamba Mungu asingempa dada huyu, angekwisha kufa.

Mwanga ukazidi kuwa mkali. Ule wa meza ulikuwa haukaliki, sasa hata wa mshumaa ulimtoa machozi. Midomo ilimkauka, na asubuhi kope zilibanduka kwa shida kama zimegundishwa. Aliyahesabu haya yote kuwa ugonjwa unapanda, akaomba dawa zaidi, akapewa. Msimamizi alimruhusu kukaa mezani na ile miwani kwa sababu muuguzi alimwombea, akasimama mbele yake na koti lake jeupe, akasema anamjua mgonjwa wake.

Kila mkaguzi anajua kwamba mafuta mepesi ya mashine juu ya kitambaa cheupe huacha doa la manjano hafifu. Ukilitazama kupitia kioo cha kahawia, doa hilo halipo. Robota moja lilipita mezani kwa Jicho na Kicheko likiwa na mstari wa mafuta kutoka mwanzo wa kitambaa hadi mwisho, upande wa Jicho, na hakuna kikaratasi hata kimoja kilichobandikwa. Mnunuzi alilirudisha. Msimamizi alilikunjua juu ya meza mbele ya watu wote, akawasha taa, na mstari ule ukaonekana hata na mfagiaji aliyekuwa mlangoni.

Kicheko hakucheka siku hiyo. Alisema, na alisema kweli, kwamba amebeba onyo la mtu mwingine. Jicho aliinama juu ya kitambaa, akavua miwani, akaliona doa kwa mara ya kwanza huku machozi yakimtoka kwa ukali wa taa. Alijisikia aibu ambayo hajawahi kuionja, aibu ya fundi. Msimamizi akamwita pembeni, akamwambia waziwazi: aende hospitali ya macho, arudi na jibu. Kama ni mgonjwa, kiwanda kitampa likizo na meza yake itamngoja. Kama si mgonjwa, meza atapewa mtu mwingine na yeye atapelekwa ghalani kufunga marobota.

Dada yake ndiye aliyemsindikiza, akimshika mkono njia nzima kwa sababu nje jua lilikuwa kali na Jicho alitembea amefumba macho. Walingoja benchini pamoja na wazee wenye mtoto wa jicho na mtoto mmoja aliyechomwa na kijiti. Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo na mikono isiyo na haraka. Alimmulika kwa tochi, akamtazama kama walivyomtazama wengine. Jicho alishajitayarisha kusikia lile neno. Daktari akasema, "Kwa tochi ni mazima. Sasa tuyatazame."

Alimuuliza kwanza kama amepata homa, kama shingo imekakamaa, kama uoni umefifia au jicho limewahi kuwa jekundu lenye maumivu makali, maana hayo yangekuwa mambo ya kukimbiliwa siku hiyo hiyo. Hayakuwapo. Akatia chini ya kope rangi ya machungwa, akawasha mwanga wa buluu, akamwambia asipepese. Akatazama kwa darubini yake kidogo tu, akaguna. Akachomeka ukingoni mwa kope utepe mwembamba wa karatasi, wakangoja, na ulipotolewa ulikuwa umelowa kipande kifupi sana. Akaeleza kwamba juu ya kioo cha jicho hukaa utando wa machozi, na kila tukipepesa tunautandika upya. Utando wa Jicho ulikuwa unapasuka kabla hajapepesa tena, na kioo kilikuwa na vidonda vidogo vidogo, kama mikwaruzo, visivyoonekana ila kwa ile rangi. Mishipa ya fahamu ya hapo ikiachwa wazi, mwanga huuma. Yale machozi yaliyomtiririka yalikuwa maji ya jicho kujitetea, hayakai. Na mtu anayekodolea meza yenye taa kutwa nzima husahau kupepesa.

Miezi yote hiyo alikuwa akingoja mtu wa kumwambia hayo, na sasa alitaka kumshika yule daktari mikono aibusu.

Kisha daktari akauliza habari za kichwa. Alipoelezwa kile cha upande mmoja, kutapika, kukereka na sauti, na mama aliyekuwa nacho, akasema hicho ni kipandauso, na kipandauso peke yake kinatosha kumfanya mtu auchukie mwanga, macho yakiwa hayana doa. Kwa hiyo Jicho alikuwa na mawili, na kila moja lilichochea jingine. Lakini lilikuwapo la tatu, akasema, kwa sababu hayo mawili hayamfikishi mtu kwenye kuogopa mshumaa. Akamuuliza anakunywa dawa gani.

Jicho alimtazama dada yake. Dada alikuwa akitazama sakafu. Jicho akazitaja zote, hesabu yake na muda wake, na miwani, na mablanketi.

Daktari alishusha kalamu. Hakupandisha sauti, na pengine ingekuwa heri angepandisha. Alisema vile vidonge vya manjano hukausha: hukausha pua, ndiyo maana watu wa mafua huvipenda, lakini hukausha na mdomo na macho pia, na huweza kuilegeza mboni ikaruhusu mwanga mwingi zaidi kuingia. Dawa za maumivu zikinywewa karibu kila siku, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa zenyewe. Na miwani ya giza ndani ya nyumba huyafundisha macho kukaa gizani, kila siku yakashindwa zaidi kuustahimili mwanga kuliko jana. Akauliza nani alimwandikia haya.

Dada akasema haraka, "Alikuwa akinunua mwenyewe, daktari. Unajua watu."

Daktari akampa maji ya macho ya kudondosha mara kwa mara, akamwonyesha namna ya kukanda kope kwa kitambaa cha moto, akamwandikia kidonge cha kuzuia kipandauso kisije. Vya manjano aache leo. Vya maumivu aache pia, na ajue kwamba wiki mbili au zaidi za mwanzo kichwa kitakuwa kibaya kuliko alivyowahi kukijua, kabla hakijaachia. Miwani aivue ndani polepole, na nje avae kofia yenye ukingo mpana. Akaandika pia maneno machache kwa mwajiri: kwamba mgonjwa ana macho makavu na kipandauso, kwamba hali ilizidishwa na dawa, na kwamba anahitaji kupumzika mbali na meza za taa.

Walitembea mpaka wakafika kwenye ukuta wa kiwanda. Hapo dada alisimama kivulini. Alianza kulia, na Jicho, ambaye ndiye aliyeharibiwa, akamkumbatia. Dada alisema hakujua. Alisema amekuwa akimpa kila mtu wa chumba kile cha ukaguzi vidonge hivyo na hakuna aliyekufa. Alisema angekunywa sumu kabla ya kumdhuru, na Jicho alimwamini, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akafuta uso. "Wakikuuliza dawa umepata wapi, usinitaje. Wakijua nilivunja utaratibu, nimemwaga unga."

Jicho alimwambia asiwe na shaka. Hakusema uongo. Alidhani hakuna atakayeuliza.

Aliacha dawa siku ile. Kichwa kikamjia kama daktari alivyosema, kikakaa. Aliingia kazini akiyumba, uso umesawijika, na msimamizi alipomwita ofisini mwisho wa wiki alikuwa hana nguvu hata za kukaa wima. Ofisi ilikuwa na dirisha pana na jua liliingia lote. Dada yake alikuwa ameshaketi, kwa sababu muuguzi hukaa kwenye mashauri ya wagonjwa. Msimamizi alisoma maneno ya daktari mara mbili. Akasema anaelewa ukavu na anaelewa kipandauso. Asichoelewa ni dawa. Kama mkaguzi wake alikuwa akibugia vidonge kwa siri na kukaa mezani amelewa usingizi, hilo si ugonjwa, ni uzembe, na likizo hapewi mzembe. Akamtaka aseme dawa alizipata wapi.

Jicho alimtazama dada yake amnusuru. Alingoja. Alihesabu kwamba dada atasema tu, kwa hiari yake, neno dogo: mimi. Meza ile, zile taa, vile vikaratasi vyekundu, jina lake lote lilikuwa ndani ya neno hilo. Dada alikuwa akikunja na kukunjua ukingo wa koti lake jeupe.

"Alinipa muuguzi," Jicho akasema.

Msimamizi akageuka. Muuguzi akainua kichwa, na sauti yake ilikuwa ile ile tulivu ya chumbani mwake. "Nilimpa vya siku tatu, kama ninavyompa kila mtu. Zaidi ya hapo anajua mwenyewe. Macho yake nimeyatazama mara nyingi, ni mazima." Kisha, bila mtu kumuuliza, akaongeza, "Huyu ni mdogo wangu, namjua. Tangu utotoni akikataa kazi husingizia kichwa."

Hilo la mwisho halikuhitajika. Shauri lilikuwa limekwisha kabla yake. Alilisema kwa sababu mtu aliyeanza kujenga uongo huogopa kuacha tundu, na Jicho, aliyezoea kuona matundu, aliliona hili likizibwa kwa maisha yake. Alikumbuka mikono hii hii ikifunga dirisha la chumba chao alipokuwa msichana, ikimwekea ndoo, na dada akimwambia mama kwa kunong'ona kwamba mtoto analala. Kichwa kiligonga, jua lilimchoma, akafumba macho, na msimamizi akadhani anaigiza.

Akapelekwa ghalani. Ghala lilikuwa refu, lenye madirisha machache juu karibu na bati, na kazi yake ilikuwa kufunga marobota kwa kamba na kuyapanga. Hapakuwa na meza ya kukodolea. Alidondosha maji yake ya macho, akakanda kope asubuhi na jioni, akameza kidonge cha daktari. Wiki za mwanzo alitapika nyuma ya marobota. Kisha siku moja aliamka na kichwa kimenyamaza, akalala chali akikiogopa, nacho kikaendelea kunyamaza. Alishusha blanketi moja dirishani, baadaye la pili. Miwani aliivua jikoni, kisha sebuleni, mwishowe nyumba nzima.

Angekuwa mtu mwingine, watu wangemshukuria Mungu. Lakini huyu alikuwa ameambiwa hana kitu, na mtu asiye na kitu akipona anakuwa amejishuhudia mwenyewe. "Amehamishwa tu, kapona," walisema kwenye foleni ya chakula. Waliona alivyotazama jua bila kukunja uso, wakakonyezana. Mumewe alifungua dirisha kila asubuhi kwa kishindo, akauliza nani alisema tangu mwanzo kwamba ni miwani. Naye kweli alisema. Alisema kwa dharau, bila kujua sababu wala kujali, na akapatia. Dada alisema kwa mapenzi na akakosea. Jicho aliligeuza hilo kichwani usiku na mchana na hakupata pa kulishika.

Dada alikuja nyumbani mara moja, na matunda. Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema anafurahi kumwona ana nafuu, na aliposema hivyo alimtazama usoni kwa shauku ya kweli, kama mtu anayetazama jeraha alilolifunga mwenyewe. Jicho alimuuliza jambo moja tu, kama bado anawapa watu wa meza vile vidonge. Dada alisema sasa anashika siku tatu sawasawa. Akaaga, akasahau mkoba, akarudi kuuchukua, na hakurudi tena. Kiwandani walipishana langoni, wakaamkiana vizuri, na watu wakausifia moyo wa muuguzi kwamba hakumwekea mdogo wake kinyongo.

Mvua zilikuwa zimeanza Kicheko alipokuja ghalani. Aliingia akijiegemeza ukutani, akaenda moja kwa moja kwenye kona yenye giza kuliko zote, akaketi juu ya robota bila kuomba. Hakuwa amechonga mdomo. Mkono mmoja ulikuwa juu ya paji la uso. Jicho alimsogelea, akamuuliza ana nini, ingawa alikwisha kuona: kope zilizolegezwa nusu, kupepesa kusikotosha, na machozi yanayotoka bure.

Kicheko alisema taa zinamuua. Alisema macho yanaungua, tena kila akienda kwa msimamizi anaambiwa ni mazima, na mwenzake mpya wa mezani ameanza kumwigiza. Amekwenda kwa muuguzi, akapewa vya mzio vya siku tatu. Vilipokwisha akamtuma jirani yake aende akajifanye anawashwa, amchukulie vingine, na jirani mwingine, na mwingine. Sasa hawezi hata kutazama taa ya nyumbani.

Jicho alipiga magoti mbele yake. Alisahau yote, kuchekwa na kuigizwa na foleni ya chakula. Akamwambia aache vidonge hivyo leo, vinamkausha, aende hospitali ya macho, amtafute daktari mnene mwenye sauti ndogo, aombe kutiwa rangi. Aseme kweli kila dawa anayokunywa. Alimwambia maneno yote aliyoambiwa yeye, moja baada ya jingine, kwa haraka, akimshika magoti.

Kicheko alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamtazama kwa uchovu, bila ubaya wowote, kwa namna watu wanavyowatazama wenzao wakati wa kuambiana ukweli.

"Shoga, hayo ya daktari niachie mimi, mimi yangu ni kweli," alisema. "Wewe nieleze tu ulijitiaje mgonjwa mpaka wakakuhamisha."